Suruali Ikae Wapi? Kumchagulia Nguo Mwanamume Mwenye Kitambi

Mtazame mwanamume mwenye kitambi akiwa amekaa, usimtazame akiwa amesimama. Akisimama mbele ya kioo dukani, amevuta tumbo ndani na amebana pumzi, karibu kila shati litamkubali. Shida huanza akikaa kwenye kiti cha daladala ya Igoma, hapa Mwanza: nafasi kati ya vifungo hufunguka na singlendi ikaonekana, suruali hushuka nyuma, mkanda hujipinda na kumchoma chini ya tumbo. Akishuka, anaanza kazi ya kupandisha, kuvuta na kuchomekea upya. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayemsaidia, uwe mke, ndugu, muuzaji au fundi, kwa sababu kazi hii inahitaji watu wawili. Mtu hawezi kujipima vizuri sehemu ambazo hazioni.

Watu wengi huanza na shati, na hapo ndipo wanapokosea. Anza na swali ambalo fundi mzuri huuliza kabla hajashika tepu: "Mzee, suruali unavalia wapi?" Mwenye kitambi ana sehemu mbili tu za kuvalia. Ya kwanza ni juu ya tumbo, usawa wa kitovu au karibu yake, kama walivyovaa wazee wa zamani. Ya pili ni chini ya tumbo, pale kitambi kinapoishia na mifupa ya nyonga inapoanza. Katikati ya hizo mbili hakuna sehemu ya tatu, kwa kuwa pale ni mteremko na suruali itateremka yenyewe hata ukaze mkanda namna gani. Sehemu atakayochagua ndiyo itakayoamua ukubwa wa kiuno cha suruali, urefu wa shati na urefu wa mkanda. Usipoamua hilo kwanza, utanunua vitu vitatu ambavyo kila kimoja kimepimwa kwa mwili tofauti.

Ukituuliza sisi, kuvalia juu ya tumbo ndiko kunakotulia zaidi, hasa kwa suruali ya kitambaa, kwa sababu kitambaa kinaning'inia kutoka juu na kufunika kitambi kizima bila kukikata. Lakini suruali za namna hiyo ni chache sokoni siku hizi, na wanaume wengi wameshazoea kuvalia chini. Huna haja ya kumlazimisha. Mwongozo unaofuata ni wa anayevalia chini ya tumbo, kwa kuwa huyo ndiye anayepata taabu zaidi.

Kumpima

Avae bukta nyepesi na singlendi. Mfunge kamba laini au utepe wa lastiki pale anapovalia suruali, kisha mwambie atembee hatua kumi, akae, ainuke. Kamba itajitafutia mahali pake. Hapo ilipotulia ndipo kiuno chake cha kweli kilipo, na vipimo vyote vya suruali vianzie hapo. Usishangae ukiona kamba imelala chini mbele na kupanda nyuma, kwa sababu kitambi kinaisukuma. Iache hivyo hivyo, usiinyooshe.

Sasa pima akiwa amesimama, kisha rudia akiwa amekaa kwenye kiti kigumu. Tepu iguse mwili bila kuzama, na mpe jambo la kusimulia wakati unapima, maana mtu anayeongea hawezi kuvuta tumbo ndani. Unahitaji vipimo saba: bega hadi bega, kifua, tumbo pale lilipotokeza zaidi, kiuno pale kamba ilipo, nyonga pale makalio yalipo mapana zaidi, paja juu kabisa, na msamba. Msamba ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote. Unakipata kwa kuanza kwenye kamba mbele, kupitisha tepu katikati ya miguu, hadi kwenye kamba nyuma. Kwa heshima, mpe mwenyewe ashike tepu na aipitishe, wewe usome namba nyuma.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoenda nao hadi mwisho. Mwanamume wa kilo 112, si mrefu sana. Bega inchi 19 na nusu. Kifua 47. Tumbo akisimama 50, akikaa 52. Kiuno chini ya tumbo akisimama 44, akikaa 45 na nusu. Nyonga akisimama 46, akikaa 48. Paja 27. Msamba 30 na nusu.

Ona tofauti ya tumbo na kiuno: 50 na 44. Hizo inchi sita ndizo chanzo cha nguo zake kubana upande mmoja na kujikusanya upande mwingine. Akinunua suruali kwa kipimo cha tumbo, itampwaya. Akinunua shati kwa kipimo cha kifua, litabana. Ndiyo maana kumwambia muuzaji "nivalishe kubwa" hakusaidii.

Suruali

Namba iliyo kwenye lebo ya ndani ichukulie kama fununu tu. Suruali iliyoandikwa 44 inaweza kuwa na kiuno cha 44, 45 au 46 kutegemea aliyeishona na mara ngapi imefuliwa. Pale Mlango Mmoja, ambako mtumba umetandazwa na hakuna chumba cha kujaribia, tepu ndiyo jicho lako. Funga kifungo cha suruali, ilaze juu ya meza ya muuzaji au ushike ikiwa imenyooka, pima kiuno kutoka upande hadi upande, zidisha mara mbili. Pima nyonga vivyo hivyo, kiasi cha inchi mbili juu ya pale miguu inapogawanyika. Pima paja inchi moja chini ya msamba. Halafu pima msamba wenyewe: kutoka pale mishono minne inapokutana kwenda juu mbele hadi ukingo wa kiuno, kisha kutoka hapo hapo kwenda juu nyuma. Jumlisha mbili hizo.

Kiasi cha kuachia ni hiki. Kiuno kiwe sawa na kipimo cha mtu akiwa amekaa, au pungufu kwa nusu inchi. Nyonga izidi ya kusimama kwa inchi tatu. Paja lizidi kwa inchi tatu pia, kwa sababu paja la mtu mnene hutanuka akikaa, na kitambaa kikibana pale hakina pa kwenda isipokuwa kuivuta suruali nzima chini. Msamba uzidi kwa inchi moja. Kwa mtu wetu basi: kiuno 45, nyonga 49, paja 30, msamba 31 na nusu.

Sasa weka mbele yake suruali tatu.

Ya kwanza imeandikwa 50, aliyokuwa akinunua siku zote kwa sababu tumbo lake ni 50. Kiuno kinapima 51. Hapo mkanda utalazimika kukusanya inchi sita za kitambaa, na ndicho kinachotokea: mbele panajikunja kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba, na nyuma kuna mfuko wa kitambaa unaoning'inia chini ya makalio. Mkanda unaweza kumeza inchi moja bila watu kuona. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi, na fundi naye ana mpaka wake. Akipunguza zaidi ya inchi tatu kwenye mshono wa nyuma, mifuko ya nyuma inasogeleana hadi inakaribia kugusana, na mishono ya pembeni inavutwa kwenda nyuma. Iache.

Ya pili ni kadeti iliyoandikwa 44. Kiuno 45, nyonga 49, paja 30. Unaweza kudhani umeipata. Pima msamba: mbele 10 na nusu, nyuma 17, jumla 27 na nusu. Imepungukiwa inchi nne. Akisimama itaonekana safi, ila akikaa au akipanda bodaboda, suruali itatafuta inchi hizo nne mahali fulani, na itazichukua nyuma. Kiuno kitashuka, shati litachomoka, na mshono wa msamba utabeba uzito wote hadi siku moja ufumuke. Wanaume wengi wanaolalamika kwamba suruali zao hupasuka katikati hudhani kitambaa ni kibovu au paja ni kubwa. Mara nyingi sana ni msamba mfupi. Na hakuna fundi anayeweza kuurefusha bila kuongeza kitambaa, kwa hiyo hata ukipewa bei nzuri, usiichukue.

Ya tatu ni ya kitambaa, imeandikwa 46. Kiuno 47, nyonga 50, paja 31, msamba 12 na nusu mbele na 19 nyuma, jumla 31 na nusu. Hii ndiyo. Kiuno kimezidi inchi mbili, na hizo fundi anaziondoa kwenye mshono wa nyuma kwa dakika chache. Kanuni yake ni kwamba nyonga, paja na msamba vichaguliwe sahihi tangu sokoni, kiuno kirekebishwe baadaye.

Kabla ya kulipa, geuza kiuno nje na uangalie mshono wa nyuma wa katikati. Suruali nzuri za kitambaa huachiwa akiba ya kitambaa pale, inchi moja au zaidi kila upande, ili mwenye nayo akinenepa fundi aachie. Jinzi haina akiba hiyo, kwa sababu mshono wake umekunjwa na kushonwa mara mbili. Jinzi ikimbana leo, itambana daima, labda iwe na nyuzi za kuvutika. Kiasi kidogo tu cha nyuzi hizo, asilimia mbili kwenye lebo, kinatosha kuleta nafuu. Zikizidi sana, magoti hutokeza na suruali hulegea ikifika mchana.

Marinda yanamfaa mtu mwenye nyonga pana, rinda moja kila upande, kwa sababu hufunguka akikaa na kujifunga akisimama. Lakini yaangalie akiwa amesimama wima: yakiwa yamefunguka hapo hapo, suruali ni ndogo kwenye nyonga na marinda yameshatumika yote. Mifuko ya pembeni inayotokeza kama masikio inasema jambo hilo hilo.

Modo amwachie kijana mwembamba. Mguu unaobana kwenye kigimbi hushika pale mtu anapokaa, na akisimama haushuki, hivyo unaona mikunjo nyuma ya goti hadi jioni. Mguu ulionyooka, wenye upana wa inchi 8 hadi 8 na nusu chini ukiwa umelazwa, hushuka wenyewe. Na ukiona suruali inajilundika juu ya viatu saa tisa alasiri wakati asubuhi ilikuwa sawa, usikimbilie kukata upindo. Urefu hauna kosa. Suruali imeshuka kiunoni, na ukikata, siku utakayorekebisha kiuno utamkuta na suruali fupi.

Kusoma mikunjo

Hapa pana ujuzi unaofaa kuliko namba zote, kwa kuwa unaweza kuutumia hata bila tepu. Mikunjo iko ya aina mbili. Iliyokazwa, yenye kingo kali kama uzi uliovutwa, huelekeza mahali panapobana. Ifuate kwa kidole: mwisho wake ndipo palipo na tatizo. Iliyolegea, laini, inayolala juu ya nyingine, husema kitambaa kimezidi mahali hapo. Ukibana kitambaa kwa vidole viwili na mkunjo ukaisha, kimezidi. Ukivuta nguo kutoka mwilini na ikakataa kutoka, imepungua.

Kwenye shati, mikunjo iliyokazwa ikitoka pande zote kuelekea kifungo kimoja na kufanya alama ya msalaba, shati limebana kwenye usawa wa kifungo hicho. Mikunjo ikitoka kwapani kwenda kifuani, tundu la mkono ni dogo au kifua kimebana. Kwenye suruali, mistari inayotoka msambani kama sharubu kwenda kwenye nyonga inasema nyonga au paja limebana. Mfuko wa mikunjo laini chini ya makalio unasema nyuma pamezidi. Kitambaa kinachoingia katikati ya makalio kinasema msamba wa nyuma ni mfupi.

Mtazame mbele, pembeni na nyuma. Pembeni ndipo ukweli wote ulipo, na ndipo mwenyewe hawezi kujiona.

Shati

Pima shati kwa tumbo la kukaa, ongeza inchi nne. Mtu wetu ana 52, kwa hiyo anahitaji shati lenye mzunguko wa 56 pale tumbo lilipo, yaani inchi 28 likiwa limelazwa na kufungwa vifungo. Usipime kwapani tu. Mashati mengi ya kiofisi yamebanwa kiunoni kwa mtindo, hivyo kifua cha inchi 28 kinaweza kuwa na tumbo la inchi 26.

Tuseme umepata mashati mawili yanayofanana rangi. La 3XL lina tumbo la 54 na mabega 20 na nusu. La 4XL lina tumbo la 58 na mabega 21 na nusu. Muuzaji atasifu la 3XL kwa sababu mabega yamekaa vizuri zaidi, na ana haki kwa upande wa mabega. Lakini linabaki na inchi mbili tu za kupumulia akikaa, na hizo zitaisha akila ugali na sato. Chukua la 4XL. Kitambaa kilichozidi kinaweza kuondolewa, kilichopungua hakiongezwi, kwa maana mishono ya pembeni ya shati imekunjwa nyembamba na haina akiba yoyote.

Mabega yake yamezidi inchi mbili, moja kila upande. Inchi nusu kila upande haionekani. Inchi moja inaonekana kidogo, na fundi mzuri anaweza kuufumua mkono, kukata ziada na kuurudisha. Ni kazi ya uangalifu, si ya kila fundi, hivyo kwa shati la bei ndogo unaweza kuliacha lilivyo. Zaidi ya inchi moja kila upande, mshono wa bega unaanguka kwenye mkono, tundu la mkono linashuka chini ya kwapa, na kila akiinua mkono kushika bomba la daladala shati zima linapanda naye. Shati kama hilo aliache, au ashonewe jingine na fundi.

Sasa tatizo ambalo halisemwi. Shati la 4XL lina 58 pale tumboni, lakini mkanda uko inchi chache chini yake, kwenye kiuno cha 44. Akichomekea, kuna inchi 14 za kitambaa za kuingiza ndani ya suruali. Ndizo zinazofanya lile puto linalomzunguka juu ya mkanda. Watu hulaumu tumbo, kumbe ni kitambaa cha mgongoni. Kitambi kiko mbele, mgongo wake ni wa kawaida, lakini shati lililoshonwa kiwandani limeongezwa mbele na nyuma sawasawa.

Kwa hiyo punguza nyuma. Mwambie fundi aweke mikunjo miwili ya kushonwa mgongoni, ile mafundi huiita dati, ianzie chini ya mifupa ya bega, iwe mipana zaidi usawa wa kiuno na kuishia karibu na pindo. Kila moja imeze inchi moja, jumla mbili. Tumbo litabaki na 56, bado inchi nne za kupumulia. Fundi asiguse mishono ya pembeni usawa wa kitambi, kwani kupunguza pale kunavuta mbele na kurudisha msalaba wa vifungoni.

Ziada inayobaki ichomekewe kwa mkono, na hili mfundishe kwa vitendo. Afunge vifungo vyote, ashike mshono wa pembeni wa shati kwa vidole, auvute nje, akunje ziada kuelekea mgongoni hadi shati limlale ubavuni, kisha aingize ndani na afunge suruali akiwa ameshikilia. Upande wa pili vivyo hivyo. Ndipo avae mkanda. Akichomekea kwa kusukuma tu viganja kuzunguka kiuno, ziada yote inakwenda mbele, chini ya tumbo, mahali pabaya kuliko pote.

Urefu nao. Kitambi kinakula urefu wa mbele. Pima kutoka chini ya shingo, ukipitisha tepu juu ya tumbo, hadi kwenye kamba ya kiuno, halafu pima mgongoni hadi kamba ile ile kwa kulinganisha. Shati la kuchomekea liongeze inchi sita chini ya mkanda mbele na nyuma. Mashati mengi yatakuwa na inchi sita nyuma na tatu mbele, ndiyo maana huchomoka mbele. La kuachia nje liishie katikati ya zipu, pindo liwe limenyooka, na lenye mpasuo wa inchi mbili au tatu pembeni, ili akikaa pindo lifunguke badala ya kupanda tumboni.

Kwa joto la Mwanza, na unyevu unaotoka ziwani, chagua pamba au kitani au mchanganyiko ambao pamba ni nyingi. Kitambaa kilicho laini na chepesi mno hushika jasho na kujichora kwenye kila kona ya mwili, na shati lililolowa hubana hata kama kavu lilikuwa sawa. Pamba mpya hunywea. Ikinywea asilimia tatu, shati la 56 linapoteza zaidi ya inchi moja na nusu, karibu nusu ya nafasi uliyomwachia. Kitambaa cha kushonesha ulichonunua Makoroboi kiloweke na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi. Mtumba umeshafuliwa mara nyingi, hivyo vipimo unavyopata sokoni ndivyo utakavyobaki navyo.

Kifungo kimoja kikiwa bado kinafunguka kidogo wakati kila kitu kingine ni sawa, fundi ashone kifungo cha kubana cha ndani kati ya vifungo viwili vya tumboni. Ni dawa ya nafasi ndogo. Shati linalobana kwelikweli litahamishia mvuto kwingine.

Mkanda

Suruali iliyochaguliwa sawa inakaa bila mkanda. Mjaribu: avae, atembee kupanda ngazi kama zile za mtaa wowote wenye mwinuko, akae, asimame. Ikishuka zaidi ya inchi moja, rudi kwenye kiuno na msamba. Mkanda haukusudiwi kubeba suruali. Unaobeba unakazwa, unaokazwa unakata, na mahali unapokata ndipo tumbo linaufunika na kuukunja.

Pima mkanda kutoka mzizi wa ulimi wa bakoli, kile chuma cha kufungia, hadi tundu la katikati. Usihesabu bakoli wala ncha. Kipimo hicho kiwe sawa na mzunguko wa kiuno juu ya suruali akiwa amekaa. Mtu wetu ana 45 na nusu, ongeza inchi moja ya unene wa suruali na shati, unapata 46 na nusu. Tundu la tatu kati ya matano likiwa hapo, ana nafasi ya inchi mbili kila upande. Namba iliyoandikwa kwenye mkanda wakati mwingine huwa ya ngozi nzima na wakati mwingine ya tundu la kati, kwa hiyo pima mwenyewe.

Upana wa inchi moja na robo hadi moja na nusu unamfaa. Mwembamba kuliko hapo unajipinda chini ya kitambi na kuwa kama kamba. Mpana sana na mgumu unamchoma tumboni kila akiinama. Ukunje mkanda upande wa ndani mpaka ncha ziguse: ngozi halisi inaonyesha mikunjo midogo na kurudi, ile ya kubandikwa inaonyesha ufa au inaanza kujibandua pembeni, na itakatika kwenye tundu analolitumia.

Mkanda usio na matundu, unaokazwa kwa meno ya ndani, ni msaada mkubwa kwa mwenye kitambi, kwa sababu unaongezeka kidogo kidogo badala ya kuruka inchi nzima. Baada ya chakula analegeza jino moja au mawili bila kunyanyuka. Ukate urefu mara moja, kwa kupima akiwa amekaa, na uache akiba ya inchi tatu.

Tundu jipya likihitajika, mpelekee fundi viatu mwenye koleo ya kutobolea. Msumari wa moto unaacha ukingo uliochanika au kuungua, na ufa unaanzia hapo.

Ukimshonesha suruali kwa fundi, mwambie aache akiba ya inchi moja na nusu kila upande kwenye mshono wa nyuma, na umwombe vipande vya kitambaa vilivyobaki. Mapaja yanayosuguana hula kitambaa pale ndani kabla ya mahali pengine popote, na kiraka cha kitambaa kile kile, kikiwekwa kwa ndani mapema wakati nyuzi zinaanza tu kung'aa, hakionekani.